Skrinshoti ya chati ya mishumaa: maswali ambayo wanaoanza wanauliza kila siku

Haya maswali nimeyakusanya kwenye grupu letu la Wasapu, wengi wetu tuko hapa hapa Dar, na karibu kila siku kuna mtu anatupia picha ya chati afu anaandika "wakuu hii inasemaje?". Badala ya kujibu mmoja mmoja nimechukua skrinshoti moja, ni ya kwangu mwenyewe na ilinitoa hela, ntaitumia toka mwanzo mpaka mwisho. Ni yuro dhidi ya dola, mishumaa mitano ya saa moja moja. Namba nimezikata zibaki desimali nne ili zisomeke.

```
EURUSD,H1
10:00  O 1.0840  H 1.0846  L 1.0836  C 1.0838
11:00  O 1.0838  H 1.0861  L 1.0837  C 1.0860
12:00  O 1.0860  H 1.0884  L 1.0857  C 1.0863
13:00  O 1.0863  H 1.0866  L 1.0848  C 1.0850
14:00  O 1.0850  H 1.0853  L 1.0828  C 1.0851
```

O ni bei ya kufungua, H ni ya juu kabisa, L ni ya chini kabisa, C ni ya kufunga. Ila huo mstari wa mwisho, wa 14:00, usiuamini bado, tutaurudia.

Nimetumiwa skrinshoti, naanza kuangalia wapi?

Kona ya juu kushoto. Watu wanakimbilia rangi, acha rangi kwanza. Pale juu kwenye MT4, ile programu ya chati wengi tunayotumia, utakuta jina la kinachouzwa, mfano EURUSD, afu herufi na namba kama M15, H1, H4 au D1, hiyo ndo inakwambia kila mshumaa umebeba muda gani: dakika 15, saa moja, saa nne, au siku nzima. Pembeni yake kuna namba nne zimefuatana, hizo ni O, H, L na C za mshumaa wa mwisho kabisa kulia, watu wengi wanaziona miaka hawajui ni za nini.

Afu angalia namba za bei upande wa kulia. Simu inavuta chati ijae kioo, kwa hiyo mwendo wa pipsi 8 unaweza kuonekana ghorofa la Posta na mwendo wa pipsi 80 ukaonekana kichuguu, inategemea mtu kazumu vipi. Pipsi moja kwa yuro na dola ni 0.0001. Ukikuta mtu kakata picha, hakuna jina, hakuna H1 wala M5, hakuna namba za kulia, mrudishie mwambie atume nzima. Hakuna cha kusoma hapo, hata awe nani.

Mshumaa mmoja ni kitu gani haswa? Nieleze kama sijui chochote.

Haya, twende Feri kwenye mnada wa samaki. Tuseme ndoo ya vibua saa kumi na mbili asubuhi imeanza kuuzwa 40,000. Wakaja akina mama wanaopeleka Mbagala, wakagombania, ikafika 55,000. Mara boti nyingine ikatia nanga imejaa, bei ikaporomoka mpaka 36,000. Watu wakatulia, na saa moja kamili ndoo ya mwisho ikaondoka kwa 48,000.

Sasa hiyo saa nzima na kelele zake zote ukiichora, unapata mshumaa mmoja. Ilipoanzia na ilipoishia, 40,000 mpaka 48,000, unachora boksi nene, huo ndo mwili. Kutoka juu ya boksi unachora mstari mwembamba hadi 55,000, na kutoka chini ya boksi mwingine hadi 36,000. Hiyo mistari ndo tambi (sio zile za sukari na nazi). Utambi ni pale bei ilikofika ikarudi. Mwili ni ilikoamkia na ilikolala.

Umeona lakini kuna kitu kimepotea. Mchoro haukwambii kama 55,000 ilitangulia au 36,000 ndo ilitangulia. Mi nimekusimulia ndo maana unajua, ila mshumaa wenyewe hausemi. Hii ishike, itakuja kukusaidia mbele.

Kijani ni kupanda na nyekundu ni kushuka, si ndio?

Mara nyingi ndio, ila rangi ni ya mwenye simu, anapanga anavyotaka. Nilishawahi kuona mtu ana pinki na bluu. Mtego mkubwa ni MT4 ile ya kompyuta kabla hujaigusa: bakgraundi nyeusi, na ukiweka mishumaa, ule uliojaa weupe ni wa KUSHUKA, na ule ulio mtupu ndani, unaoonekana mweusi na mstari wa kijani kuzunguka, ni wa kupanda. Mtu mgeni anaona mweupe umenona anajua huo ndo wa kupanda, kumbe anasoma chati kichwa chini.

Kujua bila kuuliza ni rahisi, chukua mishumaa miwili mirefu ya rangi moja iliyofuatana. Kama wa pili umekaa juu ya wa kwanza, hiyo rangi ni ya kupanda. Basi.

Mwili mrefu na mwili mfupi vina tofauti gani?

Rudi kwenye picha yangu. Mshumaa wa 10:00 ulifungua 1.0840 ukafunga 1.0838, mwili pipsi 2 tu, wakati bei ilitembea jumla pipsi 10 kutoka juu hadi chini. Yaani watu walihangaika saa nzima wakarudi pale pale, kama daladala iliyozunguka kutafuta abiria ikarudi kituoni.

Wa 11:00 ni habari nyingine. Ulifungua 1.0838, ukafunga 1.0860, mwili pipsi 22, na safari yote kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ilikuwa pipsi 24. Kwa hiyo karibu mshumaa wote ni mwili, tambi ni pipsi moja moja tu kila upande. Maana yake ni kwamba waliokuwa na haraka ya kununua waliendelea kuwa na haraka mpaka dakika ya mwisho, bei ililala karibu na kilele chake, haikurudishwa.

Naomba hapa niseme kitu kinachonikera. Utasikia "wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji". Haiwezekani, kila kilichonunuliwa kuna mtu kakiuza, idadi ya kilichouzwa na kilichonunuliwa ni ile ile. Tofauti ni nani anamfuata mwenzake. Mwili mrefu wa kupanda unasema wanunuzi ndo walikubali kupandia bei ya muuzaji, tena na tena, badala ya muuzaji kuwashukia wao.

Na urefu usiupime kwa jicho peke yake wala usiukariri kwamba pipsi 22 ni kubwa. Pima na majirani zake kwenye picha hiyo hiyo. Pipsi 22 kwa saa moja katikati ya mishumaa ya pipsi 10 ni tukio, katikati ya mishumaa ya pipsi 40 ni kawaida tu.

Utambi mrefu juu maana yake bei inakataa, itashuka?

Nusu ya hilo swali ni sahihi. Tazama wa 12:00. Ulifungua 1.0860, ukapanda hadi 1.0884, afu ukafunga 1.0863. Mwili ni pipsi 3, utambi wa juu ni pipsi 21, wa chini pipsi 3. Kwa rangi ni wa kijani, umefunga juu ya ulipofungua, na mtu anayesoma rangi tu atakwambia bado tunapanda. Ila uangalie vizuri: bei ilipewa pipsi 24 za kupanda, ikarudisha 21. Huo ni mshumaa wa kijani kwa cheti tu.

Mi nilienda kuufungua kwa kushuka hadi M15, na wewe fanya hivyo kila ukikuta utambi uliokushtua, kwa sababu utambi wa taimfremu kubwa mara nyingi ni miili ya taimfremu ndogo. Ile saa moja ilikuwa na mishumaa minne ya dakika 15: miwili ya kwanza ni ya kijani iliyonona, ikapeleka bei hadi 1.0884, wa pili ukafunga 1.0880. Wa tatu mwekundu ukairudisha 1.0870, wa nne mwekundu ukaimalizia 1.0863. Kwa hiyo ule mstari mwembamba uliouona kwenye H1 ulikuwa ni nusu saa ya kununua na nusu saa ya kuuza, na wauzaji ndo walikuwa wa mwisho kuongea.

Ingeweza kuwa tofauti. Namba zile zile nne za H1 zingepatikana kama bei ingeruka hadi 1.0884 kwa sekunde tano ikarudi, afu dakika 59 zilizobaki ikazubaa. Mshumaa ungefanana kabisa. Ndo maana nikasema mwanzo, mshumaa unakwambia mipaka, haukwambii njia.

Sasa nusu iliyobaki ya swali, "itashuka?". Utambi unasema kilichotokea ile saa: juu kule walikuwepo wauzaji wa kutosha kuirudisha bei. Hausemi kama bado wapo. Kwenye picha yangu mshumaa uliofuata, wa 13:00, ulishuka kweli, mwili mwekundu wa pipsi 13, ukafunga 1.0850, chini ya ulipofungua ule wa 12:00. Hapo ndo nilipata cha kushika, kwamba waliouza juu hawakuondoka. Lakini nina skrinshoti kibao za tambi kama hizo ambapo saa iliyofuata bei ilirudi juu ikapita kilele kana kwamba hakuna kitu.

Mshumaa wa mwisho kulia nausomaje?

Hausomwi, unasubiriwa. Na hapa ndo pesa yangu ilipokwenda.

Ile picha ilipigwa saa nane na dakika 25 mchana. Mshumaa wa 14:00 ulikuwa umefungua 1.0850, ukashuka hadi 1.0828, na wakati ule bei imerudi 1.0851. Ukiutazama ni nyundo safi kama ya kwenye mafunzo: kimwili kidogo juu, utambi mrefu chini wa pipsi 22. Mtu kwenye grupu akaandika "nyundo hiyo, pandeni", mi nikiwa kwenye foleni ya Mwenge nikapanda. Nilinunua loti 0.10, yaani kila pipsi ni dola moja, kwa 1.0853, stopu, ile bei ya kunitoa yenyewe nikikosea, nikaweka 1.0827, chini kidogo ya utambi kama nilivyofundishwa.

Sasa C ya mshumaa ambao haujafunga sio bei ya kufunga, ni bei ya sasa hivi tu. Zilikuwa zimebaki dakika 35. Bei ikateleza, ikagusa 1.0826, stopu ikakatwa, na saa tisa kamili mshumaa ukafunga 1.0831. Mstari wenyewe ulivyoishia ni huu:

```
14:00  O 1.0850  H 1.0853  L 1.0826  C 1.0831
```

Ile nyundo ya kijani ikawa mwili mwekundu wa pipsi 19 na kautambi ka pipsi 5 chini. Pipsi 26 kwa loti 0.10 ni dola 26. Haikuwa nyundo iliyofeli, jamani, nyundo haikuwahi kuwepo. Kulikuwa na bei iliyopita pale kwa dakika chache wakati mtu anapiga picha.

Kugundua kama wa mwisho haujafunga: linganisha saa iliyo juu ya simu kwenye skrinshoti na saa ya mshumaa. Kwenye TradingView kuna kasaa kanahesabu kurudi nyuma chini ya bei ya kulia, kama kamewashwa. Ukikaona kana 35:00 jua kazi haijaisha.

Saa za chini ya chati mbona hazifanani na saa yangu?

Mambo matatu hapa, na wabongo tunachanganywa na yote.

Kwanza, saa iliyoandikwa ni ya kufungua. Mshumaa wa 14:00 wa H1 unaanza saa nane mchana unaisha saa tisa, kwa hiyo ukiambiwa "subiri ule wa 14:00 ufunge" unasubiri mpaka saa tisa. Pili ni hilo lenyewe la saa nane kuwa 14:00, kuna dogo alisikia saa nane akaichukua kama 8 ya Kizungu, akaingia tredi saa mbili usiku akijua ndo muda tulioongea.

Tatu ni saa ya seva ya broka. Broka wengi wanatumia GMT+2 na wakati mwingine wa mwaka GMT+3, wanafuata New York ili mshumaa wa siku ufunge sambamba na mwisho wa siku kule, saa 11 jioni yao. Sisi tuko GMT+3 mwaka mzima, hatubadilishi. Kwa hiyo kuna miezi chati ya MT4 inalingana na saa ya ukutani, ile picha yangu ni ya mwezi Julai ndo maana inalingana, na kuna miezi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndo maana pia taarifa za uchumi za Marekani zinazotoka saa 2:30 asubuhi ya New York zinatukuta saa tisa na nusu alasiri miezi fulani na saa kumi na nusu miezi mingine. Tambi ndefu za juu na chini kwa pamoja, ukiziona muda huo, kaangalie kalenda kwanza kabla ya kutafuta jina la mshumaa.

Stopu yangu imekatwa lakini utambi haujafika. Broka kaniibia?

Inawezekana hapana. MT4 inachora bei moja tu, ile ya kuuzia, bid. Bei ya kununulia, ask, iko juu yake kwa kiasi cha spredi na kwa kawaida haionekani. Sasa wewe uliyeuza, kutoka ni mpaka ununue, kwa hiyo stopu yako inaguswa na ask.

Chukua mshumaa wa 13:00, utambi wake wa juu unaishia 1.0866. Tuseme uliuza na stopu ukaweka 1.0868, unaona kuna nafasi ya pipsi 2. Spredi ikiwa pipsi 2, ask ilifika 1.0868 na umekatwa, japo kwenye picha utambi haujakugusa. Ila kwa aliyenunua, kama mimi pale juu, stopu inaguswa na bid yenyewe, hapo utambi unaouona ndo ukweli. Kuiona ask nenda kwenye mipangilio ya chati washa `Show Ask line`, ila itakuonyesha ya sasa hivi tu. Na spredi inatanuka usiku wa manane na wakati wa habari, usiikariri ya mchana.

Chati yangu na ya mwenzangu, kitu kile kile, H4 ile ile, mishumaa haifanani. Nani yuko sahihi?

Wote. Forex haina soko moja lenye bei moja, kila broka anachora bei zake, kwa hiyo ncha za tambi kupishana pipsi moja mbili ni kawaida. Kwa H4 na D1 kuna sababu nyingine: seva zikipishana saa, mshumaa wa saa nne wa kwako umekatwa sehemu tofauti na wa kwake. Soko ni lile lile ila kisu kimepita kwingine, na nyundo ya kwako kwake inaweza isiwepo kabisa. Nikikuta mchoro "mzuri" wa H4 uliopo kwa broka mmoja tu huwa naupunguzia imani.

Kuna mishumaa haina mwili, kuna kama dashi tu. Na Jumatatu kuna nafasi wazi katikati.

Mstari mlalo na tambi juu na chini ni kwamba bei ilifungua na kufunga sehemu moja, wanaita doji. Dashi tupu bila tambi ni kwamba bei zote nne ni moja, utaikuta sana kwenye hisa zisizouzwa sana, hata za hapa DSE, siku ambayo imefanyika biashara moja au mbili kwa bei ile ile. Hiyo usiitafsiri kama "soko linafikiria". Hakukuwa na watu.

Nafasi ya Jumatatu inatokea kwa sababu soko linafungwa mwisho wa wiki na kufunguliwa kwetu usiku wa kuamkia Jumatatu, saa sita au saa saba kutegemea miezi. Dunia haikulala hizo siku mbili, kwa hiyo bei inaanza mahali pengine. Hapo katikati hapakuuzwa kitu, ndo maana hata stopu ikiwa ndani ya hilo pengo inatekelezwa kwa bei ya kufungulia, sio uliyoandika.

Nimetumiwa chati mishumaa yote ya kijani imepangana vizuri haina tambi chini kabisa. Hii ni nini?

Hiyo karibu hakika ni Heikin Ashi, na sio mishumaa tuliyokuwa tunaongelea. Kufunga kwake ni wastani wa zile bei nne, na kufungua kwake ni katikati ya mwili wa mshumaa uliopita.

```
C ya Heikin Ashi = (O + H + L + C) / 4
```

Utaijua kwa kuangalia mwili mmoja unapoanzia. Kwenye mishumaa ya kawaida ya yuro na dola, katikati ya wiki, mwili unaanza pale uliotangulia ulipoishia au jirani kabisa. Kwenye Heikin Ashi unaanza katikati ya tumbo la mwenzake. Ukikuta hivyo usisome bei ya kufunga hapo wala usipange stopu kwa kutumia miili yake, maana zile sio bei ambazo mtu aliuza au kununua. Mwambie aliyetuma abadilishe chati iwe ya mishumaa ya kawaida, apige tena, na safari hii asikate kona ya juu kushoto.